Kuita Mkutano Mkuu Kerenge na Kuifikia Akidi

Kama wewe ni katibu wa jumuiya ya watumia maji, kikundi cha wakulima au chama cha msingi hapa Kerenge, tangazo la mkutano mkuu ni kazi yako kabla halijawa la mtu mwingine yeyote. Mwenyekiti atalitia saini na wajumbe watalisambaza, lakini wanachama wasipotimia siku ya mkutano, daftari litakalofunguliwa ni lako. Mwongozo huu unamfuata katibu wa jumuiya ya watumia maji inayotumia mfereji mmoja, kwa sababu jumuiya za namna hiyo zina wanachama wengi waliotawanyika kutoka banioni hadi mwisho wa mfereji, na maamuzi yake humgusa mtu shambani siku hiyohiyo. Jumuiya ninayoitumia ni ya mfano. Hesabu zake nimezipanga ili uone jinsi akidi inavyokokotolewa, nawe utaweka za kwako.

Anza na katiba ya jumuiya, usianze na karatasi ya tangazo. Jumuiya za watumia maji zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwa upande wetu zinahusiana na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana Mto Lwengera unaishia Pangani. Chama cha ushirika kinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 pamoja na kanuni zake, na masharti yake hupitia kwa Mrajis. Kwa hiyo usinakili akidi ya jirani. Chama cha jirani kinaweza kuwa cha aina nyingine, chini ya sheria nyingine, na kikawa na kanuni isiyokuhusu hata kidogo. Fungua ibara ya mikutano katika katiba yenu, uandike pembeni majibu ya maswali manne: nani ana mamlaka ya kuita mkutano mkuu, siku ngapi za taarifa zinatakiwa, akidi ni kiasi gani, na nini kinafuata akidi isipotimia. Swali la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo litakalokuokoa au kukuangusha.

Akidi huandikwa kwa njia mbili, na tofauti yake inaonekana vizuri kwenye mabunge mawili ya jirani. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 94, inataka nusu ya wabunge wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 121, inataja idadi yenyewe: wabunge 50 katika Bunge la Taifa na maseneta 15 katika Seneti. Palipotajwa idadi, katibu hana la kukokotoa, anahesabu vichwa tu. Palipotajwa sehemu ya wanachama, kila kitu kinategemea swali moja: wanachama wote ni wangapi? Katiba nyingi za vikundi vyetu zimefuata njia ya nusu, au zaidi ya nusu, bila kusema idadi hiyo inasomwa wapi na inahesabiwa siku gani.

Hapo ndipo daftari la wanachama linapoingia. Tuseme daftari la jumuiya yetu lina majina 186, na katiba inataka nusu ya wanachama wote. Akidi ni 93. Katiba ikisema zaidi ya nusu, akidi ni 94. Mtu mmoja huyo anaonekana mdogo mpaka siku mnapokuwa 93 na mwanachama aliyepinga ongezeko la ada anasimama na nakala ya katiba mkononi. Sasa pitia majina yale moja baada ya jingine, ukiwa na wajumbe wawili wanaoijua mitaa yote. Utakuta waliofariki, waliouza mashamba na kuhamia Korogwe mjini au Tanga, na walioandikwa mara mbili, mara moja kwa jina la ukoo na mara nyingine kwa jina la mtoto wa kwanza. Katika mfano wetu, tisa wamefariki. Wanabaki 177, nusu yake ni 88 na nusu, na kwa kuwa hakuna nusu mtu, akidi ni 89.

Lakini usimfute mtu kwa kalamu yako peke yako. Aliyefariki anaondoka kwenye hesabu bila mgogoro, ilimradi kamati imelithibitisha jambo hilo kwenye kikao na likaandikwa katika muhtasari. Aliyehama, au ambaye hajalipa ada kwa misimu miwili, bado ni mwanachama mpaka katiba iseme uanachama wake umekoma, na mara nyingi katiba inataka apewe barua kwanza. Katibu anayepunguza daftari wiki ya mkutano ili akidi ishuke anajitafutia mashaka hata kama kila jina alilolitoa lilistahili kutolewa. Safisha daftari miezi miwili kabla, kikao cha kamati kilipitishe, kisha nakala ibandikwe mahali watu wanapoiona ili mwenye malalamiko aje mapema.

Kuna katiba zinazohesabu akidi kwa wanachama hai tu, yaani waliokamilisha ada. Hiyo ni kanuni halali, ila inataka uwazi mkubwa zaidi. Taja kwenye tangazo siku ya mwisho ya kulipa ada ili mtu ahesabiwe, na siku hiyo iwe baada ya tangazo kutoka, isiwe kabla. Ukiiweka kabla, umewafungia mlango watu ambao hawakujua kwamba mlango upo.

Jambo jingine la kuamua kabla ya kuandika ni nani atakaa kwenye kiti. Katika vikundi vingi vya umwagiliaji jina lililo daftarini ni la mume, na anayesimamia zamu ya maji usiku ni mke. Siku ya mkutano mama anakuja, anasaini, anachangia hoja, anapiga kura. Je, anahesabiwa kwenye akidi? Katiba ikiruhusu mwakilishi, ndiyo, kwa masharti iliyoyaweka, kama barua yenye saini ya mwanachama. Katiba ikinyamaza, hahesabiwi, na ni aibu kumwambia hivyo mlangoni baada ya kutembea kutoka juu ya mfereji. Tangazo liseme waziwazi. Na kama kaya nyingi zinaendeshwa namna hiyo, weka kwenye ajenda marekebisho ya katiba yanayomfanya mama huyo kuwa mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Ninaliamini jambo hili kuliko mengine yote niliyoandika hapa: maji yanasimamiwa na mtu ambaye sheria ya jumuiya haimwoni, halafu tunalalamika kwamba wanachama hawahudhurii.

Sasa tarehe. Katiba ya mfano wetu inataka taarifa ya siku 21. Namna salama ya kuhesabu ni kuacha siku ya kutoa tangazo na siku ya mkutano wenyewe, ukahesabu siku kamili zilizo katikati. Tangazo likitoka Ijumaa, tarehe 22 Mei 2026, siku ya kwanza ni tarehe 23. Mei inakupa siku tisa, na Juni 12 za kwanza zinatimiza 21, basi mkutano wa mapema kabisa ni Jumamosi, tarehe 13 Juni. Hesabu inaanza pale tangazo lilipomfikia mwanachama, si pale mwenyekiti alipolisaini. Barua iliyokaa siku nne kwenye begi la mjumbe imekula siku nne za mwanachama.

Epuka siku ya gulio, Ijumaa adhuhuri na Jumapili asubuhi. Epuka pia wiki za kupanda, mvua za masika zinapoanza kwenye mwezi Machi na za vuli kwenye Oktoba, kwa sababu hakuna mkulima atakayeliacha shamba lenye unyevu akae kwenye benchi. Saa nne asubuhi inawafaa wengi wa huku: wenye zamu ya alfajiri wameshafunga maji, na wa mbali wameshafika. Andika "saa 4:00 asubuhi" kwa ukamilifu. Ukiandika saa 4 pekee, hutakosa kijana atakayeisoma kwa saa za simu yake akaja jioni.

Ukumbi uthibitishwe kabla tangazo halijatoka. Kama ni darasa la shule ya msingi, pata ruhusa ya mwalimu mkuu. Kama ni uwanja wa ofisi ya kijiji, mwone mtendaji wa kijiji. Mwelezee pia kwamba huu ni mkutano wa wanachama wa jumuiya, si Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ni wa wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mikutano hii miwili huchanganywa sana kwa sababu majina yanafanana na mahali ni palepale. Matokeo yake wanakuja watu 200, uwanja unajaa, kila mtu anafurahi, kumbe wanachama ni 60. Uwanja uliojaa si akidi.

Ajenda ziandikwe kwa namna ambayo mtu akizisoma nyumbani anajua ataamua nini. "Mapato na matumizi" haimwambii kitu. "Kupokea taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka, na kuamua kama ada ya msimu iongezwe ili kukarabati banio" inamfanya aje, hata kama anakuja kukataa. Wengine huogopa kwamba kulitaja jambo zito kutaleta wapinzani. Ndiyo, litawaleta, na wao wanahesabiwa kwenye akidi sawasawa na wanaokubali. Jambo zito lililofichwa chini ya "mengineyo" ndilo linalorudi baada ya mwezi likiwa malalamiko kwa bodi au kwa mkuu wa wilaya, kwa hoja kwamba wanachama hawakupewa taarifa.

Hili ndilo tangazo lenyewe. Limewekwa ukurasa mmoja ili libandikwe na lisomwe kwa sauti msikitini, kanisani au kwenye kikao cha kitongoji bila kumchosha anayelisoma.

TANGAZO LA MKUTANO MKUU WA MWAKA

Kerenge, 22 Mei 2026

Kwa wanachama wote wa jumuiya.

Ndugu mwanachama,

Kwa mamlaka ya katiba ya jumuiya, ibara ya ......, unaitwa kwenye Mkutano Mkuu wa mwaka utakaofanyika Jumamosi, tarehe 13 Juni 2026, kuanzia saa 4:00 asubuhi, katika ......

Mkutano utashughulikia mambo haya: kuhesabu na kutangaza akidi, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita, kuamua kama ada ya msimu iongezwe kutoka shilingi...... hadi shilingi ...... kwa ajili ya kukarabati banio. Kupokea taarifa ya mapato na matumizi. Kupanga upya zamu za maji kwa wanachama wa mwisho wa mfereji. Na mengineyo yasiyohitaji kura.

Akidi. Jumuiya ina wanachama 177 walio katika daftari lililopitishwa na kamati na kubandikwa ofisini. Mkutano hautafanya uamuzi wowote wasipokuwepo wanachama wasiopungua 89. Ikifika saa 5:00 asubuhi akidi haijatimia, mkutano utaahirishwa hadi Jumamosi, tarehe 20 Juni 2026, mahali palepale na saa ileile, kwa ajenda hizihizi. Kwa ibara ya ...... ya katiba, wanachama watakaohudhuria siku hiyo ndio watakaokuwa akidi, na uamuzi wao utawahusu wanachama wote.

Uwakilishi. Mwanachama asiyeweza kuja anaweza kumtuma mtu mmoja wa kaya yake mwenye barua iliyosainiwa. Mtu mmoja hatawakilisha zaidi ya mwanachama mmoja.

Kuthibitisha. Tunakuomba utujulishe kama utakuja kabla ya Jumapili, tarehe 7 Juni 2026, jioni. Tia saini kwenye karatasi ya mjumbe wa mtaa wako, au tuma ujumbe wa simu kwa katibu, namba ......, ukiandika NDIYO au HAPANA ukifuatiwa na namba yako ya uanachama, kwa mfano NDIYO 047. Anayemtuma mwakilishi aandike MWAKILISHI na namba yake. Hata usipothibitisha, una haki ya kuhudhuria na kupiga kura.

Katibu, kwa idhini ya Mwenyekiti

Tazama aya ya akidi. Inataja idadi, 89, haimwachii msomaji kazi ya kutafuta nusu ya kitu asichokijua. Inataja pia saa ya kungojea na tarehe ya pili. Sentensi ya mwisho kuhusu mkutano ulioahirishwa usiiandike kama katiba yenu haina ibara hiyo. Katibu hawezi kuitunga akidi ya pili kwenye tangazo. Kama katiba inadai nusu ileile kila mara, basi mkutano wa pili nao unahitaji watu 89, na ni heri wanachama walijue hilo tangu mwanzo.

Mahali penye kanuni ya akidi ya pili pana hatari yake. Wajanja wachache hukaa nyumbani mara ya kwanza, wakaja 20 tarehe ya pili na kuwaamulia 177. Ndiyo maana tangazo linasema ajenda hizihizi, na ndiyo maana tarehe ya pili inatajwa mapema: anayesoma anajua kwamba kukaa nyumbani ni kumwachia mwingine maji yake. Kwa kubadilisha katiba au kuvunja jumuiya, akidi ya pili isitumike hata kidogo. Mambo hayo huwa na kiwango chake, mara nyingi theluthi mbili, na unapaswa kuangalia kama ni theluthi mbili ya wanachama wote au ya waliohudhuria. Kwa wanachama wetu 177, ya kwanza ni 118. Ya pili, wakiwepo 89, ni 60.

Tangazo likishatoka, kazi inahamia kwenye uthibitisho, na wengi huishia hapo kwa kudhani karatasi ubaoni inatosha. Mgawie kila mjumbe orodha ya majina ya mtaa wake tu, isizidi majina 20, yenye safu za ndiyo, hapana, mwakilishi na saini. Wanachama wa juu, ambako mtandao ni hafifu, wafikiwe na mjumbe kwa miguu. Wasingojewe kwa simu. Kila Jumapili jioni kusanya karatasi, uziunganishe na ujumbe wa simu kwenye daftari moja, ukipiga tiki kwenye namba ya uanachama wala si kwenye jina, kwa sababu majina ya huku yanafanana mno.

Tarehe 7 Juni, tuseme waliosema ndiyo ni 84 na wawakilishi ni saba. Jumla 91, na akidi ni 89. Usipumue bado. Siku ya mkutano kutatokea msiba, homa ya mtoto, au lori la machungwa litakalokuja kupakia bila taarifa. Ukitaka watu 89 wakae, ningekushauri usitulie kabla orodha haijafika kwenye 110. Kwa hiyo rudi kwa walionyamaza, maana aliyejibu hapana ameshakwambia neno lake, lakini aliyenyamaza huenda hajaliona tangazo. Angalia wametoka wapi. Wakiwa wengi ni wa mtaa mmoja, kosa liko kwa usambazaji, na una siku tano za kulirekebisha. Wakiwa wengi ni wa mwisho wa mfereji, huenda wamekata tamaa na zamu, na ni vizuri mwenyekiti aende mwenyewe akawasikilize.

Uthibitisho hauhesabiwi kuwa mahudhurio. Nimesikia viongozi wakijumlisha waliotuma NDIYO na waliofika, wakapata akidi. Hiyo si akidi. Anayehesabiwa ni aliyepo, au mwakilishi wake aliyepo na barua mkononi.

Siku yenyewe weka meza mlangoni, karatasi ya mahudhurio iwe na namba ya uanachama, jina, saini au dole gumba, na saa ya kuingia. Wasio wanachama wasaini karatasi nyingine na wakae upande wao. Saa 4:00 ikifika, hesabu. Kama hamjatimia, hesabu tena saa 4:30 na saa 5:00, ukiandika kila idadi. Akidi ikitimia, mwenyekiti aitangaze kwa sauti na idadi yake iingie kwenye muhtasari, si maneno "akidi ilitimia" peke yake.

Halafu lipo tatizo la mchana. Watu wanaanza kuondoka saa saba, wakisikia njaa au kukumbuka mbuzi. Kama katiba inataka akidi idumu muda wote wa mkutano, kura iliyopigwa na watu 61 saa nane haina nguvu hata kama asubuhi mlikuwa 102. Ndiyo sababu ajenda ya ada imewekwa mara tu baada ya muhtasari, mbele ya taarifa ndefu. Kabla ya kila kura hesabu waliopo ukumbini, uandike waliopo, waliokubali, waliokataa na wasiopiga. Mkishuka chini ya 89, acheni kupiga kura. Taarifa zinaweza kuendelea kusomwa, na yaliyobaki yakahamia tarehe 20.

Ndani ya wiki moja, nakala ya maamuzi ibandikwe palepale tangazo lilipokuwa, na karatasi za mahudhurio zifungwe pamoja na tangazo, daftari la uthibitisho na muhtasari katika faili moja. Mtu akiuliza mwezi wa tisa kwa nini ada yake imepanda, unamfungulia ukurasa wenye hesabu ya waliopo kura ilipopigwa.